Baridi yabisi ya utotoni na urefu wa mtoto: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni yale ambayo wazazi huyauliza kliniki, mara nyingi wakiwa wameshasimama kuondoka, baada ya maumivu na homa kuzungumzwa. Majibu yamejikita zaidi kwenye aina moja ya ugonjwa, ile inayoshika mwili mzima, kwa sababu ndiyo inayodumaza kuliko nyingine zote, na pia ndiyo ambayo matibabu ya miaka 15 iliyopita yameibadilisha zaidi.

Tunazungumzia ugonjwa gani hasa?

Baridi yabisi ya utotoni ni mchochota wa viungo unaoanza kabla mtoto hajatimiza miaka 16, unaodumu angalau wiki 6, na ambao chanzo chake hakikupatikana baada ya magonjwa mengine kuondolewa. Mchochota ni ule moto wa ndani ambao kinga ya mwili huuwasha inapopambana na vijidudu. Katika ugonjwa huu kinga huuwasha pasipo adui, kisha hauzimiki. Ugonjwa una aina kadhaa. Zipo zinazoshika kiungo kimoja hadi vinne, mara nyingi goti, na zipo zinazoshika vitano au zaidi.

Katika aina ya mwili mzima, mtoto hupata homa kali inayopanda mara moja au mbili kwa siku, aghalabu jioni, kisha ikashuka yenyewe, kwa muda wa wiki mbili au zaidi. Hutokewa na vipele vinavyokuja na homa na kutoweka nayo, ambavyo kwenye ngozi nyeusi ni vigumu kuviona, na tezi, ini au bandama huweza kuvimba. Viungo wakati mwingine huuma wiki au miezi baadaye. Si ajabu basi kwamba katika nchi zetu mtoto wa namna hii hutibiwa malaria mara tatu au nne na taifodi mara mbili kabla mtu hajauliza habari za viungo. Daktari analazimika kwanza kuondoa shaka ya kifua kikuu, selimundu, saratani ya damu na maambukizi ndani ya kiungo, na kazi hiyo haifai kuharakishwa, kwa kuwa dawa za baridi yabisi akipewa mtoto mwenye saratani ya damu huuficha ugonjwa wake.

Viungo vinahusianaje na urefu? Mbona mtoto anaumwa magoti lakini mwili wote umeacha kukua?

Mfupa mrefu hauongezeki katikati. Karibu na kila ncha yake kuna tabaka jembamba la gegedu ambalo seli zake hujipanga kama sarafu zilizorundikwa, zikagawanyika, zikavimba, kisha zikageuka mfupa. Kasi ya kazi hiyo huamriwa kwa mnyororo: tezi iliyo chini ya ubongo hutoa homoni ya ukuaji, homoni hiyo hufika kwenye ini, na ini huitikia kwa kutoa homoni nyingine iitwayo IGF-1, ambayo ndiyo inayolisukuma gegedu lenyewe.

Mchochota hukata mnyororo huu katikati. Seli za kinga zinapokuwa na ghadhabu humwaga kwenye damu protini za kuitana, na mojawapo, interlukini-6, hupatikana kwa wingi mno katika aina ya mwili mzima. Protini hizi hulifanya ini liwe zito wa kusikia: homoni ya ukuaji inafika kama kawaida, lakini IGF-1 inayotoka ni haba. Ndiyo maana vipimo vya watoto hawa mara nyingi huonyesha homoni ya ukuaji isiyo na kasoro na IGF-1 iliyo chini, jambo linalomchanganya asiyejua. Zaidi ya hapo, baadhi ya protini hizo huligusa gegedu moja kwa moja na kuzichosha seli zake. Watafiti wa Italia walionyesha jambo hili kwa panya waliotengenezwa kijenetiki ili wazalishe interlukini-6 kupita kiasi tangu kuzaliwa: walikua wakawa na ukubwa wa asilimia 50 hadi 70 tu ya ndugu zao wa tumbo moja, na IGF-1 yao ilikuwa chini.

Kwa hiyo magoti ni mahali tu ambapo maumivu yanasikika. Kinachozuia urefu kinasafiri kwenye damu.

Je, si prednisoloni ndiyo inayomdumaza? Jirani ameniambia niiache.

Jirani ana ukweli nusu, na nusu hiyo imeumiza watoto wengi. Prednisoloni, dawa inayozima mchochota haraka, ikitumiwa kila siku kwa miezi, hupunguza kasi ya seli za gegedu, huua baadhi yake, na hudhoofisha mnyororo ule ule wa homoni. Athari huanza kuonekana kwa kiasi kidogo kuliko wengi wanavyodhani: takribani miligramu 0.2 hadi 0.25 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, ikiendelea kwa miezi 6 au zaidi. Kwa mtoto wa kilo 20 hicho ni kidonge kimoja cha miligramu 5.

Lakini ugonjwa wenyewe ulikuwa ukidumaza kabla ya kidonge hicho kuwepo duniani. Mwaka 1897 daktari George Frederic Still wa hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, London, alipoeleza kundi la watoto wenye maradhi haya, alitaja mtoto wa miaka 12 na nusu ambaye mtu angedhani ana miaka 6 au 7. Kotisoni, ndugu mkubwa wa prednisoloni, ilitumiwa kwa mgonjwa wa baridi yabisi kwa mara ya kwanza mwaka 1948. Watoto wa Still walidumazwa na moto wenyewe, wala hakuna dawa ya kulaumiwa.

Mzazi yuko baina ya mambo mawili yanayodhuru, na anayekimbia moja huangukia jingine. Mtoto anayeachishwa prednisoloni wakati homa na mchochota vingali vikali haanzi kurefuka. Anabaki na ugonjwa mtupu, na viungo vinaliwa. Kosa la upande wa pili nimeliona mara nyingi zaidi: prednisoloni inamfanya mtoto acheke, ale na akimbie ndani ya siku tatu, kwa hiyo cheti kilekile kinapelekwa duka la dawa mwezi baada ya mwezi, hakuna anayetafuta dawa ya kuchukua nafasi yake, na miaka miwili inapita. Mashavu yanajaa, uzito unaongezeka, na familia inaona mtoto ananenepa, kumbe kimo kimesimama. Uzito unaopanda huku urefu ukiwa umelala ni dalili ya kumwonyesha daktari wiki hiyo hiyo.

Jambo moja lisilo na mjadala: prednisoloni iliyotumiwa kwa zaidi ya wiki chache haikatishwi ghafla. Tezi za juu ya figo huwa zimelala kwa sababu dawa ilifanya kazi yao. Ikiondolewa siku moja, mtoto anaweza kutapika, kulegea, kushuka shinikizo la damu na hata kufa, hasa akipata homa wakati huo. Inapunguzwa hatua kwa hatua, na hatua hizo zinapangwa na anayemtibu.

Nitajuaje kwamba ukuaji umepungua, na si kwamba sisi ni wafupi tu?

Kwa kupima, kuandika, na kupima tena. Urefu wa siku moja hausemi mengi. Kinachosema ni kasi. Kuanzia miaka 4 hadi kabla ya balehe, mtoto mwenye afya huongezeka sentimita 5 hadi 6 kwa mwaka. Anayeongezeka chini ya 4 ana jambo la kuchunguzwa, hata kama bado analingana na wenzake darasani, kwa sababu mtoto aliyeanza akiwa mrefu anaweza kupoteza miaka miwili ya ukuaji kabla hajaonekana mfupi kwa macho.

Taabu yetu ni kwamba kadi ya kliniki huishia miaka 5. Baada ya hapo mtoto hupimwa uzito kila anapougua, ili kukadiria dozi, lakini urefu hakuna anayeuandika. Shirika la Afya Duniani lina chati za miaka 5 hadi 19, zilizotolewa mwaka 2007, na zinaweza kuchapishwa na kubandikwa kwenye faili. Mzazi akiomba jambo moja tu kutoka kliniki yake, aombe hilo.

Kupima kwenyewe kunahitaji uangalifu. Mtoto asimame bila viatu, visigino, makalio na kichwa vikigusa ukuta, macho yakitazama mbele, na kibao kigandamizwe juu ya kichwa, si juu ya nywele: rasta na mafundo ya nywele zilizosukwa huongeza sentimita mbili ambazo miezi mitatu baadaye, akishanyolewa, zitaonekana kama mtoto amefupika. Apimwe kila baada ya miezi 3, ikiwezekana kwa kipimo kilekile, lakini kasi ihesabiwe kwa tofauti ya miezi 6 hadi 12, maana tofauti ya miezi mitatu ni ndogo kiasi cha kumezwa na makosa ya mkono wa mpimaji. Mtoto asiyeweza kunyoosha magoti au nyonga ataonekana mfupi kuliko alivyo; huyo apimwe akiwa ameketi au apimwe mfupa wa mkono. Na ikiwa urefu umepungua kweli kutoka kipimo kilichopita, huku mtoto akilalamika mgongo, pingili za uti wa mgongo zipigwe eksirei, kwani prednisoloni ya muda mrefu huweza kuzifanya zibonyee.

Ama ufupi wa ukoo, kuna hesabu yake. Jumlisha urefu wa baba na mama, toa sentimita 13 ikiwa mtoto ni msichana au ongeza 13 ikiwa ni mvulana, kisha gawanya kwa mbili. Jibu ni kadirio la kimo ambacho mtoto angefikia akiwa mzima, likizidi au kupungua kwa sentimita 8 na nusu hivi.

Naomba mfano wa mtoto mmoja, tangu alipougua hadi alipotibiwa vizuri.

Mfano ufuatao nimeutunga kwa ajili ya hesabu, ila mwendo wake ni ule tunaouona. Baba ana sentimita 172 na mama 160. Kwa binti yao, (172 + 160 − 13) ÷ 2 inatoa 159.5, kwa hiyo angetarajiwa kuwa mwanamke wa kati ya sentimita 151 na 168.

Akiwa na miaka 5 ana sentimita 108, katikati kabisa ya wenzake. Homa inaanza. Baada ya wiki nyingi za dawa za malaria, ugonjwa unatambuliwa, anaanzishwa prednisoloni na homa inakwisha. Lakini kila inaposhushwa chini ya miligramu 10 kwa siku, homa na viungo vinarudi, hivyo anabaki hapo. Kwa kilo zake 18 hadi 20 hiyo ni takribani nusu miligramu kwa kilo, mara mbili ya kiasi kinachotosha kuzuia ukuaji. Na kwa kuwa vipimo vya damu havijawahi kutulia, mchochota nao unaendelea chini kwa chini. Anapata yote mawili. Akiwa na miaka 6 ana 110, miaka 7 ana 112, miaka 8 ana 114. Angekua kwa kasi yake ya kawaida angekuwa na takribani 125. Sentimita 11 zimepotea katika miaka mitatu, na sasa yuko chini ya ule mstari wa mwisho wa chati.

Hapo anapigwa eksirei ya mkono wa kushoto. Mifupa midogo ya kiganja na vidole hukomaa kwa utaratibu unaojulikana, na picha yake hulinganishwa na atlasi ili kupata umri wa mifupa. Wake unasoma miaka 6. Mzazi akisikia hivyo hushtuka, lakini habari hii ina upande mzuri: gegedu la huyu mtoto halikuzeeka wakati lilipokuwa limezuiwa. Seli zake zina idadi fulani ya kugawanyika, na miaka aliyougua hazikuitumia yote. Ana takribani miaka miwili ya ziada ya kukua kuliko kalenda inavyosema.

Anaanzishwa tosilizumabu, dawa inayoziba mlango wa interlukini-6. Kwa kuwa yuko chini ya kilo 30 anapewa miligramu 12 kwa kilo, yaani 240, kwa dripu kila baada ya wiki mbili. Homa haipo, viungo vinalegea, na prednisoloni inashushwa taratibu hadi inakwisha baada ya miezi 6. Mwaka wa kwanza anaongezeka sentimita 8, na wa pili tena 8, hivyo ana 130 akiwa na miaka 10. Pengo limetoka 11 hadi karibu 7. Mwaka wa tatu anaongezeka 7 na nusu na kufikia 137.5, pengo likiwa takribani 6. Umri wa mifupa nao unasonga na kusoma miaka 10 wakati yeye ana 11. Angalia kwamba fidia ilikuwa kubwa mwanzoni na inapungua. Huyu atafika ndani ya kipimo cha wazazi wake, upande wa chini.

Sasa badilisha jambo moja tu: dawa ileile aipate akiwa na miaka 14, baada ya kuvunja ungo. Viungo vitapona vilevile. Kimo hakitarudi, maana msichana baada ya kuvunja ungo kwa kawaida huongezeka sentimita chache tu, kama 5 hadi 7, na magegedu yake yakishafunga hakuna dawa inayoyafungua.

Ni dawa zipi zilizobadilisha matarajio haya?

Kwa aina ya mwili mzima, ni zile zinazolenga interlukini-6 na interlukini-1, protini nyingine ya kuitana. Mwaka 2012 yalichapishwa matokeo ya jaribio la kimataifa la tosilizumabu kwa watoto 112 wa miaka 2 hadi 17. Baada ya wiki 12, asilimia 85 ya waliopewa dawa walikuwa wamepata nafuu iliyowekewa kipimo na hawana homa, dhidi ya asilimia 24 ya waliopewa dripu tupu. Watoto wa jaribio hilo walipofuatiliwa baadaye, wengi walikua kwa kasi iliyozidi ya rika lao, na IGF-1 yao ikapanda. Kwa upande wa interlukini-1 zipo anakinra na kanakinumabu. Katika aina za viungo vingi visivyo na homa, methotreksati ndiyo ya kwanza, na ikishindwa huongezwa etanasepti, ambayo Marekani iliiruhusu kwa watoto hawa mwaka 1999, au adalimumabu.

Dawa hizi hurudisha urefu kwa njia mbili kwa wakati mmoja: zinazima mchochota, na zinaruhusu prednisoloni iondoke. Ni vigumu kutenganisha ni sentimita ngapi zimetoka wapi, na kwa mtoto haina maana sana.

Kabla ya kuanza, kifua kikuu kilicholala lazima kitafutwe na kutibiwa. Chanjo zenye vijidudu hai, kama surua na homa ya manjano, zijadiliwe mapema kwani wakati wa matibabu kwa kawaida hazitolewi. Na kuna mtego mmoja wa tosilizumabu ambao hata wahudumu hunaswa nao: ini hutengeneza CRP, protini ya damu inayopimwa ili kuonyesha mchochota, kwa amri ya interlukini-6, kwa hiyo mlango ukizibwa CRP hushuka karibu na sifuri hata mtoto akiwa na nimonia. Mtoto aliye kwenye dawa hii akionekana mgonjwa, atibiwe kama mgonjwa. Karatasi ya maabara isimrudishe nyumbani.

Dawa hizo hatuzipati, au bei yake hatuiwezi. Je, kimo cha mtoto wetu kimekwisha?

Hapana, ingawa itakuwa uongo kusema hakuna tofauti. Kabla ya dawa hizo kuenea, mwaka 2002, watafiti wa Paris walieleza watoto 24 wa aina ya mwili mzima, waliotumia prednisoloni kwa miaka na kisha wakaiacha ugonjwa ulipotulia. Kama asilimia 70 waliongeza kasi na kufidia sehemu ya kilichopotea. Waliobaki waliendelea kurudi nyuma. Hata hivyo wengi waliishia chini ya kimo kilichotarajiwa kwa wazazi wao, na kadiri upungufu ulivyokuwa mkubwa siku ya kuacha prednisoloni ndivyo kimo cha mwisho kilivyokuwa kifupi. Somo lao ni kulinda urefu wakati wa ugonjwa, bila kutegemea kwamba utarudi wote.

Kwa dawa zilizopo, hiyo ina maana ya kuanza methotreksati mapema badala ya kungoja prednisoloni ishindwe. Dozi yake ni takribani miligramu 10 hadi 15 kwa kila mita mraba ya ukubwa wa mwili, mara moja kwa wiki, pamoja na asidi ya foliki. Narudia mara moja kwa wiki, siku moja iliyotajwa kwa jina, tuseme Jumapili: mtoto akipewa kila siku kwa makosa, uboho wake huzimika, na watu wamekufa kwa kosa hilo. Inachukua miezi miwili au mitatu kuonyesha nguvu. Kwa viungo inasaidia sana. Kwa homa ya aina ya mwili mzima ina nguvu kidogo, na hapo ndipo pengo la dawa mpya linapouma.

Viungo vichache vilivyovimba vinaweza kudungwa ndani triamsinoloni, dawa ya jamii ya prednisoloni, ili ibaki pale badala ya kuzunguka mwilini. Prednisoloni ikilazimika kuendelea, iwe dozi moja ya asubuhi, ndogo kabisa inayotosha, na kila hudhurio kuwe na mpango ulioandikwa wa kuishusha.

Tumpe maziwa, samaki na uji wa lishe zaidi?

Mpeni chakula cha kutosha, kwa sababu mtoto mwenye homa anachoma nguvu nyingi na kula kidogo, na njaa nayo hushusha IGF-1. Anayetumia prednisoloni anahitaji kalsiamu na vitamini D kwa ajili ya mifupa. Lakini chakula peke yake hakipenyi ukuta wa mchochota, na mtoto aliye kwenye prednisoloni akilazimishwa kula atapanuka tu. Virutubisho vya kurefusha vinavyouzwa mtandaoni sivishauri kabisa, na dawa za viungo zisizo na lebo huniogofya zaidi, maana baadhi huchanganywa na deksamethasoni kwa siri: ni jamii ileile ya prednisoloni, yenye nguvu zaidi, kwa dozi isiyojulikana.

Mbona mguu wenye goti bovu umekuwa mrefu kuliko mwingine?

Hili ni jambo tofauti, la mahali pamoja, na huwapata zaidi watoto wadogo wenye ugonjwa wa goti moja. Mchochota huleta damu nyingi kuzunguka goti, na magegedu mawili ya hapo, ambayo kwa pamoja hutoa karibu theluthi mbili ya urefu wa mguu, yanachangamka. Mguu mgonjwa unarefuka. Kwa mtoto mkubwa zaidi mambo hugeuka: gegedu lililochokozwa hufunga mapema na mguu ukabaki mfupi. Watoto wanaodungwa dawa ndani ya goti mapema hupata tofauti ndogo. Tofauti ya sentimita moja au mbili hurekebishwa kwa soli. Ikiachwa, mtoto hukunja goti la mguu mrefu ili asawazishe, na goti lililozoea kukunjwa hukataa kunyooka. Taya nalo lina jambo kama hili: kiungo chake kikiwaka, kidevu hubaki kidogo na kurudi nyuma.

Homoni ya ukuaji ya sindano je?

Imejaribiwa, hasa Ulaya, kwa watoto waliobaki wafupi sana wakiwa kwenye prednisoloni, na waliopewa kwa miaka waliishia warefu zaidi ya wasiopewa. Ni sindano ya kila siku, ghali, inayoweza kupandisha sukari ya damu ambayo prednisoloni nayo huipandisha, na hufanya kazi vibaya mchochota ukiwa mkali, kwa sababu ini bado halisikii. Kwa maoni yangu, fedha zikipatikana kwa jambo moja tu, zizime ugonjwa kwanza.

Binti yangu ana miaka 14 na bado hajavunja ungo. Tumpe dawa ya kumharakishia?

Msiharakishe kabla ya kupiga ile eksirei ya mkono. Ugonjwa mrefu huchelewesha balehe, na kuchelewa huko ndiko kunakoyaacha magegedu wazi. Homoni za kike, kwa wasichana na hata kwa wavulana ambao mwili wao huzitengeneza kutokana na za kiume, ndizo zinazoyafunga mwishowe. Ikiwa umri wake wa mifupa ni miaka 11 na mchochota umezimwa, mwaka mmoja au miwili ya kungoja ni muda wa kurefuka. Ikiwa mchochota bado unawaka, kungoja hakumpi kitu, kwa kuwa gegedu lililo wazi lakini limezuiwa halirefuki, na mifupa inakosa uimara ambao balehe huuleta. Basi swali la kumuuliza daktari katika hudhurio lijalo lina sehemu tatu: umri wake wa mifupa ni miaka mingapi, ugonjwa umetulia tangu lini, na ameongezeka sentimita ngapi katika miezi 12 iliyopita.